Saa Nne, Masaa Manne

Mimi ni mtoto wa mwalimu wa Kiswahili, na ugonjwa wa mzazi wangu niliurithi wote. Nyumbani kwetu Ngokolo, ukisema "masaa" mezani, ugali ulisubiri kwanza. Baba aliweka kijiko chini, akauliza kwa upole ule unaotisha kuliko fimbo, "Wingi wa saa ni nini?" Na sisi watoto, tukiwa tumeshanawa mikono, tulijibu kwa pamoja: "Saa, baba." Ndipo tulipokula.

Kwa hiyo nilipoajiriwa kuwa karani wa mahudhurio kwenye kampuni ya matengenezo iliyokuwa na zabuni ndani ya mgodi mmoja huko Geita, jambo la kwanza lililonichoma macho ni taimshiti, ile fomu ya muda wa kazi. Karatasi nzuri, mistari imenyooka, halafu juu ya safu ya mwisho, kwa herufi nzito: MASAA. Niliivumilia mwaka mzima. Kila siku karatasi mia na kitu zilinipita mikononi na kila moja ilinitukana.

Kazi yenyewe niliipenda kuliko nilivyotarajia. Nilidhani karani wa mahudhurio anahesabu vichwa tu. Kumbe kuna ustadi ndani yake, na siku nilipouelewa niliweka kalamu chini pale kwenye kontena, ndiyo ofisi yetu. Mtu anapita getini na kadi yake, mashine inaandika kaingia saa moja asubuhi. Anatoka saa kumi na moja jioni. Ni saa kumi hizo, toa moja ya chakula ambayo hailipwi, zinabaki tisa. Hizo tisa ndizo atakazolipwa, hazibishaniwi. Lakini siku ya mtu mmoja haina mwenye mmoja. Asubuhi alikuwa karakana kwetu, na saa hizo zinabebwa na kampuni yetu wenyewe. Baadaye kaitwa kwenye kinu cha kusagia mawe, zinabebwa na bajeti ya matengenezo ya mgodi. Mchana yuko kwenye bomba jipya la maji, huo ni mradi wa ujenzi, una fungu lake na mkubwa wake. Kila mahali pana namba yake ya gharama. Unaikata siku vipande, kila kipande unakipeleka kwa mwenyewe, na ukivirudisha pamoja lazima vitimie tisa. Isipungue robo, isizidi robo.

Mwisho wa kila siku nilijumlisha vipande vya watu wote, halafu nikaangalia jumla ya mashine ya getini. Zikikubaliana, nilisikia kitu kifuani ambacho wengine nadhani hukisikia kanisani. Watu zaidi ya mia, wametawanyika eneo lenye ukubwa wa tarafa, wamepanda, wameshuka, wamechomelea, wamesubiri mvua ipite, na hakuna hata nusu saa iliyopotea. Sikuwa na wa kumweleza ajabu hiyo. Nilimweleza mama kwa simu, akaniuliza kama nakula vizuri.

Wengi karatasi zao zilikuwa rahisi. Dereva wa krini yuko sehemu moja kutwa, anaandika 9, basi. Mgumu alikuwa mchomeleaji mmoja, mtu mzima wa miaka hamsini hivi, mwenyeji wa Runzewe. Yeye aliitwa kila mahali, kwa sababu palipopasuka chuma jina lake ndilo lililotajwa kwenye redio za kazini. Siku moja aliweza kuwa na namba nne za gharama. Na kwa mwaka mzima karatasi yake haikuwahi kukataa. Moja na nusu, tatu, robo tatu, tatu na robo tatu: tisa. Nilikuwa naijumlisha mara mbili, si kwa kuitilia shaka, kwa raha tu.

Kabla ya hapo alikuwa mchimbaji mdogo Nyarugusu, miaka kumi na mbili akishuka kwenye duara, ndivyo wanavyoyaita mashimo yao. Duara moja lilititia akiwa amepanda juu kunywa maji. Hakusimulia zaidi ya hapo, na hakuna aliyeuliza. Akiwa na miaka arobaini akaenda chuo cha ufundi kukaa darasani na vijana wa rika la wanawe, akajifunza kuchomelea. Ile kadi ya getini aliivaa shingoni hata akienda kula. Aliwahi kuniambia, "Mayu, hii ndiyo inayonizuia nisirudi chini." Mayu ni mama kwa Kisukuma, alikuwa ananiheshimu kwa namna hiyo ingawa ningeweza kuwa binti yake, na mimi kila asubuhi nilimpa shikamoo yake.

Sasa ngoja niseme nilichofanya.

Kipindi kipya cha malipo kilikuwa kinaanza Jumatatu, na fomu za zamani zilikuwa zimekwisha. Bosi akaniambia nichapishe nyingine. Bosi wetu ni Mhindi wa Shinyanga mjini, babu yake alikuwa na duka la vitambaa na akinunua pamba, naye anaongea Kisukuma kuliko mimi. Hana muda wa herufi. Nikaona Mungu ameniletea nafasi. Nikafuta MASAA, nikaandika SAA. Nikachapisha fungu zima, nikagawa, nikabandika na karatasi ukutani: "Wingi wa saa ni saa." Nilijisikia vizuri sana. Nikampigia baba kumwambia, akacheka hadi akakohoa.

Jumatatu ile ile jioni mchomeleaji akaleta karatasi yake, akaniaga kwamba kesho anaanza likizo ya wiki mbili, anakwenda Runzewe kuezeka nyumba ya mama yake. Nikamtakia safari njema. Karatasi yake ilikuwa na mistari mitatu, kwa mwandiko wake mkubwa wa penseli:

Karakana, 1.
Kinu, 4.
Bomba, 5.

Nikajumlisha. Kumi. Nikaangalia mashine ya getini: kaingia saa moja, katoka saa kumi na moja, kulipwa tisa. Kwa mara ya kwanza karatasi ya yule mzee ilikataa. Nikacheka peke yangu. Nikasema, ahaa, haraka za safari, kaingiza na saa ya chakula. Ni kosa la kawaida mno, watu hukiandika chakula karakana kwa sababu ndipo wanapokula. Tisa na chakula, kumi. Kila kitu kikakaa mahali pake. Nikachukua kalamu yangu ya bluu, nikaikata ile 1, nikaingiza kwenye kompyuta nne za kinu na tano za bomba. Tisa. Jumla ya siku ikakubaliana na geti. Nikafunga kompyuta, nikaenda nyumbani nikakaanga samaki.

Utaratibu ulikuwa wazi, na mimi ndiye niliyekuwa nikiwaimbia wengine: mwenye karatasi akikosea, anaitwa, anakata kwa mstari mmoja, anaandika sahihi, anatia saini pembeni, na msimamizi wake anatia yake. Sikumwita. Kesho yake alikuwa kwenye basi, na mimi nilikuwa na hakika. Hakika ni kitu kibaya kwa karani.

Wiki ya pili, siku ya Ijumaa, ikaja barua kutoka kwa mhandisi wa kinu wa mgodi. Mhandisi alikuwa mwanamke mkimya ambaye hakuandika barua ila awe na sababu. Ilisema: Jumatatu ile kinu kilisimama kwa muda wa saa moja tu. Kinu kikiwa kinazunguka hakuna binadamu anayeweza kuwa ndani yake anachomelea. Imekuwaje mchomeleaji wenu ametuandikia saa nne? Tatu zimetoka wapi?

Siku hiyohiyo tulikaa kwenye chumba chao cha mikutano, mimi, bosi na mhandisi. Mhandisi akaniwekea mbele ripoti yetu ya kompyuta, akauliza, "Hii nne ameandika yeye?"

Nikasema, "Ndiyo, ni mkono wake."

"Na saa zake za siku?"

"Tisa. Zinakubaliana na geti." Na nilisema hivyo kwa fahari, Mungu anisamehe. Nilidhani nikishasema zinakubaliana nimeshamtetea. Ile 1 niliyoikata haikunijia hata kichwani. Ilikuwa chakula tu, na chakula hakilipwi.

Mhandisi akasema polepole kwamba jumla kukubaliana ndiko kunakomtia wasiwasi zaidi. Mtu anayekosea, jumla yake hukataa. Mtu anayehamisha saa tatu za kampuni yake kuzipeleka kwa mteja, huyo ndiye anayehakikisha jumla inakaa sawa. Kadi ya mchomeleaji ikafungwa mpaka maelezo yapatikane. Na kila mtu wa ukanda ule anajua maana yake: kadi ikifungwa kwa udanganyifu, taarifa inatembea. Mgodi wa pili hawakuchukui, wa tatu hawakuchukui. Linalobaki ni duara.

Tulimpigia simu hakupatikana. Huko alikokuwa mtandao unakuja na kuondoka unavyotaka.

Jumatatu akarudi. Niliona yote kwa dirisha la kontena, maana liko karibu na geti. Akapitisha kadi, taa ikawa nyekundu. Akaifuta kwenye shati, akapitisha tena. Nyekundu. Akaipuliza. Mlinzi akaenda kumwambia kitu, naye akavua helmeti yake kana kwamba ameingia nyumba yenye msiba. Wakamwandika kwenye daftari la wageni, akakaa kwenye benchi nje ya chumba cha walinzi.

Sikutoka. Nasema wazi kwa sababu sina wa kunisemea. Nilijiambia hilo ni suala la wakubwa, mimi ni karani. Nilijiambia pia, na hili ni baya zaidi, kwamba labda kweli alifanya. Watu wana shida, nyumba ya mama haijiezeki. Mchana nilikula wali wangu nimelipa dirisha mgongo. Jioni nilipochungulia, benchi lilikuwa tupu.

Jumanne nilipofika kazini tayari alikuwa amekaa pale. Mlinzi akaniletea ujumbe: yule baba anaomba aone karatasi. Haombi kuonana na bosi, haombi kuingia. Anataka kuona karatasi yake tu.

Nikaitoa kwenye faili, nikaenda.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mayu. Habari za hapa?"

"Nzuri. Pole na safari."

"Nimeshapoa. Mama amefurahi, bati limemeza misumari yote." Akanyoosha mkono kupokea karatasi. Akaisoma kwa muda mrefu kuliko inavyostahili mistari mitatu. Kisha akaweka kidole kwenye ile 1 yenye mstari wa bluu.

"Hii nani ameikata?"

"Mimi. Ile ya chakula."

"Chakula gani?"

"Saa moja ya chakula, baba. Uliiandika karakana."

Akaniangalia kama mtu anayemwangalia mtoto aliyejibu swali ambalo hajaulizwa. "Mayu, mimi sikuandika chakula. Nimeandika saa moja niliingia karakana. Saa nne nikaitwa kinu. Saa tano nikaenda bomba, mpaka tunatoka." Akageuza karatasi anionyeshe kichwa cha safu, kana kwamba mimi ndiye mgeni wa fomu ile. "Si mmeandika hapa saa? Zamani ilikuwa masaa, nikawa naandika masaa. Safari hii mmetaka saa, nikasema sawa, wamebadilisha, sasa wanataka kujua saa ngapi mtu alianza. Nikaandika saa."

Nilikuwa nahesabu.

Kutoka saa moja mpaka saa nne, karakana: tatu. Kutoka saa nne mpaka saa tano, kinu: moja. Kutoka saa tano mpaka saa sita, bomba, moja; halafu chakula; kutoka saa saba mpaka kumi na moja, bomba tena, nne: jumla ya bomba, tano. Tatu, moja, tano. Tisa.

Nikahesabu tena kwa vidole kama mtoto wa chekechea, mlinzi ananitazama. Tisa.

"Kwa hiyo kinu ulikaa..." nikaanza.

"Lisaa limoja tu," akasema. "Kilisimama saa nne, saa tano wakakiwasha. Ningekaaje masaa manne? Kingenisaga."

Nimeishi na lugha hii tangu nizaliwe, na baba yangu kala nayo, kavaa nayo, katusomesha kwayo. Na pale kwenye benchi la walinzi ndipo nilipoisikia. Huyu mzee, kama watu wote wa kwetu ambao baba angewazuilia ugali, alikuwa na maneno mawili pale ambapo mimi nilikuwa na moja. Saa nne ni pale ukutani mshale unapoonyesha. Masaa manne ni muda uliokaa, ukatoka jasho, ukachoka. Lisaa limoja ni moja lenye uzito wake. Wameligawa neno bila kamati, bila kamusi, bila kumwomba mtu ruhusa, kwa sababu walilihitaji. Na mimi nikaja na kalamu yangu ya bluu nikawapora moja, nikabandika na ukutani. Nilisisimka mwili mzima. Ilikuwa aibu, ndiyo, lakini chini ya aibu kulikuwa na mshangao mkubwa sana, na sitadanganya kwamba aibu ndiyo iliyoshinda.

Halafu zile namba zenyewe! Ukizisoma kimakosa zinakuja kumi, ambazo ndizo saa kumi za getini pamoja na chakula, ukiondoa moja zinabaki tisa kamili. Ukizisoma kwa ukweli wake, zinakuja tisa kamili vilevile. Njia mbili, moja ya kweli na moja ya uongo, zote zimefika mlango mmoja. Angechelewa kwenda kwenye bomba mpaka saa nane, jumla ingekataa, ningemwita, tungecheka. Ilikubali. Nilikuwa nimeiamini jumla kama Injili, kumbe jumla haijui kitu. Inajua tu kwamba vipande vimetimia. Haijui kila kipande ni cha nani.

"Baba," nikasema, "kosa ni langu."

"Naliona," akasema. Hakunirahisishia.

Nilienda kwa bosi kwanza. Nilimweleza nimesimama. Alisikiliza, akaichukua karatasi, akahesabu kwa kuguna, akaweka mikono kichwani. "Mwaka mzima," akasema, "mwaka mzima ile fomu ilikuwa inafanya kazi. Nani alikuambia uiguse?"

"Hakuna."

"Herufi mbili! Umetaka kumfukuzisha mtu kwa herufi mbili!" Alikuwa amekasirika kweli na alikuwa na haki. Lakini alichukua funguo za gari, tukaenda kwa mhandisi hapohapo.

Mhandisi hakutukaribisha viti. Akauliza, "Ijumaa uliniambia nne ni mkono wake. Leo unaniambia nini?"

"Nne ni mkono wake. Mstari wa bluu ni mkono wangu, na Ijumaa sikukuambia." Nikaweka karatasi mezani, na pembeni fomu yake ya zamani ya wiki iliyotangulia, ile ya MASAA, yenye hesabu zake safi. Nikamwomba asome ile mpya kama saa za ukutani.

Akasimama kwenye ubao wake mweupe akaandika: 1, 4, 5, 11. Akatoa moja kwenye nne, nne kwenye tano, tano kwenye kumi na moja, akapunguza chakula. Tatu. Moja. Tano. Kisha akafungua kitabu cha kinu akaangalia Jumatatu ile: kimesimama saa nne, kimewashwa saa tano. Akaiwekea mviringo ile 1 ya kwenye ubao. Nikaona uso wake umefanya kile ambacho wangu ulifanya kwenye benchi.

"Mimi mwenyewe," akasema hatimaye, "ningeulizwa saa, ningeandika hivi." Alikuwa wa Kahama. Kisha akarudi kuwa mhandisi. Akataka karatasi isahihishwe mbele ya mwenyewe, ankara yao ipunguzwe saa tatu na zihamie namba ya karakana yetu, na aletewe maelezo ya maandishi yanayosema nani alibadilisha bila kibali. "Na kadi ifunguliwe sasa hivi," akamwambia mtu kwenye simu, "sio kesho."

Saa sita mchana taa ikawa ya kijani. Mzee akaingia, akala, saa saba akaanza kazi karakana kama mtu ambaye hajawahi kusimamishwa. Malipo ya ile Jumatatu hayakubadilika hata dakika: tisa zilikuwa tisa. Kilichohama ni nani anazibeba. Mimi nikapewa barua ya onyo, nikaisaini, na fomu ya MASAA ikarudi kabla ya saa kumi.

Jioni ile alikuja kwenye kontena kusahihisha karatasi. Alikata kwa mstari mmoja, akaandika 3, 1, 5, akatia saini pembeni ya kila moja, polepole, ulimi ukiwa umetokeza kidogo. Msimamizi wake akatia yake. Lakini bado nilikuwa na jambo. Bosi alikuwa ameniagiza kwamba zile siku mbili za benchi zisimpotee: aandikiwe siku nzima zote mbili kwenye namba ya ofisi yetu, na kwa kuwa geti halina kumbukumbu yake, niambatanishe barua ya sababu. Nilikuwa nimeshaijaza fomu, kwa furaha ya mtu anayelipa deni. Jumatatu 9. Jumanne 9. Kwenye mstari wa sababu niliandika: Kusubiri, kosa la karani. Nikaisogeza kwake asaini.

Akaisoma. Akachukua ile penseli yake, hakusaini.

"Hapana," akasema.

"Bosi amekubali, baba. Ni haki yako."

"Jumanne mchana geti limenisoma, nimefanya kazi masaa manne. Ukiniandikia tisa za kusubiri, nitakuwa na masaa kumi na tatu. Siku gani hiyo?"

Kwa huruma zangu nilikuwa nimeandika zile saa nne za mchana mara mbili, kosa ambalo mwanafunzi wa siku ya kwanza angeliona.

"Asubuhi ya leo nimekaa masaa matano, saa moja mpaka saa sita. Andika tano. Na jana sikukaa tisa. Nilifika saa mbili. Saa sita nikaenda kula kwa mama lishe pale barabarani, saa saba nikarudi, saa kumi nikaondoka. Masaa saba. Waulize walinzi, daftari lao lina kila kitu."

"Baba, hizo mbili za jana hakuna atakayezihesabu. Baada ya tuliyokufanyia..."

"Nitazihesabu mimi," akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa kali. "Tangu jana nimeitwa mwizi wa masaa matatu ambayo sikuyaiba. Mama yangu hajui, mke wangu hajui, nimelala nayo peke yangu. Sasa unataka nisaini mawili ambayo sikuyakaa? Nikisaini hapo, mayu, yule mhandisi alikuwa sahihi."

Nikavuta mstari mmoja juu ya 9 ya kwanza, mmoja juu ya 9 ya pili. Nikaandika saba. Nikaandika tano. Akazijumlisha mwenyewe kwa midomo, akaijumlisha tano na zile nne za mchana kuona kama siku ya leo inatimia, kisha akatia saini, akavaa helmeti, akatoka kuwahi gari la wafanyakazi.